Mpango wa zamani unavyokuponza: jinsi ya kutunza kumbukumbu zenye tarehe, hatua kwa hatua

Nimeshaandika kuhusu hili kama mara tatu kwa kifupi na bado watu wanarudi na kilio kilekile, "nimeandika kila kitu kwenye simu lakini nimetuma mzigo kwa oda ya zamani". Sasa leo naandika yote, taratibu, na mfano wangu mwenyewe ulioniuma.

Tatizo haliko kwenye kusahau, liko kwenye kukumbuka kitu ambacho kilikuwa kweli juzi. Ukiandika "dada wa Tabora anataka gunia 6" umeandika ukweli, ila hujaandika ni ukweli wa lini, na ile sentensi itakaa kwenye simu yako mwaka mzima ikionekana mpya kabisa.

## Kilichotokea kwangu, kwa ufupi

Mimi nauza dagaa wakavu, nanunua mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, nakausha, napeleka Tabora kwa basi. Mwaka 2024 upande wetu wa ziwa Tanganyika ulifungwa kuvua kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Ijumaa ya tarehe 16, ziwa limefunguliwa jana yake tu, mteja wangu wa Tabora akanitumia meseji: "Jumatano niletee gunia 6, basi la asubuhi, atapokea kijana wangu stendi", na namba ya huyo kijana. Jumatano hiyo ni tarehe 21.

Jumatatu ya tarehe 19 akanipigia simu. Mbalamwezi ilikuwa kali, siku hiyo ndo mwezi mpevu, na mnajua dagaa wanavuliwa kwa taa, mwezi ukiwaka hakuna kitu, kwa hiyo tukakubaliana iwe gunia 4 na iende Jumatano ya tarehe 28. Tukamaliza, nikakata simu, sikuandika popote.

Jumanne ya tarehe 20 dogo langu akaniomba namba ya yule kijana wa stendi. Mimi kwa uvivu nikaifowadi ile meseji ya tarehe 16 kama ilivyo. Sasa WhatsApp ukifowadi meseji, inaonyesha saa uliyofowadi wewe, haionyeshi siku iliyoandikwa mwanzo. Dogo anaona meseji ya tarehe 20, "Jumatano niletee gunia 6", yeye kwake Jumatano ni kesho! Akakuta zipo gunia 4, akaenda kununua 2 kwa watu kwa bei ya mbalamwezi, alfajiri akapakia zote sita. Stendi ya Tabora hakuna wa kupokea, dada hana hela ya sita, mwisho akachukua nne na mbili nikaziuza kwa hasara.

Dogo hakukosea kusoma, na meseji haikuwa ya uongo. Tatizo ni tarehe tu.

## Vitu unavyohitaji

- Simu janja yenye apu ya Google Sheets, inafanya kazi hata bila bando ukiwasha kutumia ofulaini kwa faili hilo.
- Kompyuta kwa dakika 10 tu, mara moja, kwa ajili ya mipangilio ya mwanzo. Ya kuazima au ya stationari inatosha, ila kumbuka kutoka kwenye akaunti yako ukimaliza.
- Kalenda ya ukutani yenye siku za wiki. Usicheke, utaiona kazi yake hatua ya 3.
- Kama hutaki simu, kaunta buku na kalamu ya rangi mbili. Safu ni zilezile, kinachopungua ni hesabu za kujifanya zenyewe.

## Hatua ya 1: Rekebisha tarehe na saa za faili kabla hujaandika chochote

Fungua faili jipya kwenye kompyuta, nenda `File`, halafu `Settings`. Hapo kuna vitu viwili: `Locale` weka `United Kingdom`, na `Time zone` weka ile ya GMT+03:00 ya Afrika Mashariki.

Kwa nini? Faili nyingi zinakuja na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi unatangulia siku. Ukiandika 03/07/2024 ukimaanisha tarehe 3 Julai, yenyewe inahifadhi 7 Machi na haikuambii. Ukiandika 25/07/2024 inagoma kwa sababu hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maandishi tu. Kwa hiyo nusu ya tarehe zako zimepinduka na nusu sio tarehe kabisa, na kwa macho zote zinaonekana sawa.

Saa nazo hivyohivyo. Faili likiwa kwenye saa za California, "leo" ya faili inabadilika sisi tukiwa tayari saa 4 au saa 5 asubuhi. Yaani wewe umeamka alfajiri unapakia basi, faili bado liko jana.

Onyo: hata ukishaweka mipangilio, andika tarehe kwa mtindo wa 2024-08-16, mwaka kwanza. Mtindo huu hausomeki vibaya kwenye mpangilio wowote.

Utajua imekaa vizuri: andika tarehe kwenye seli tupu bila kugusa mpangilio wa upande. Ikienda kulia mwa seli ni tarehe kweli. Ikibaki kushoto ni maandishi, rudia.

## Hatua ya 2: Tengeneza safu kumi

Ukurasa wa kwanza uite `KUMBUKUMBU`. Mstari wa juu weka hizi, kuanzia A mpaka J:

```
Namba | Jambo | Maelezo | Aina | Imesemwa | Kuanzia | Mpaka | Imefungwa | Nani | Hali
```

Watu wengi hapa ndo wanaponiuliza, tarehe nne za nini zote hizo, si moja inatosha? Haitoshi, na ndo kiini cha mambo yote, kwa hiyo vumilia kidogo.

Imesemwa ni siku maneno yalipokufikia. Kuanzia na Mpaka ni siku ambazo jambo lenyewe linahusu. Meseji ya dada imesemwa tarehe 16 lakini inahusu tarehe 21, ni vitu viwili tofauti kabisa, na ukiwa na tarehe moja tu hutajua ni ipi kati ya hizo. Simu yake imesemwa 19 na inahusu 28. Ukitaka kujua maneno yapi ndo ya mwisho unaangalia Imesemwa, ukitaka kujua upakie lini unaangalia Kuanzia. Mimi na dogo tulichanganya hizo mbili tukaongeza na ya tatu, siku ya kufowadi, ambayo haina maana yoyote.

Imefungwa ni siku jambo lilipokoma kutumika, ama limebadilishwa ama limekamilika. Mwanzo inakuwa tupu.

Aina weka maneno mawili tu, `UKWELI` au `MPANGO`. Ziwa kufungwa ni ukweli, "nitakuja kuchukua" ni mpango. Usijaze neno la tatu, nimejaribu "labda" na "nadhani", nikajikuta kila kitu ni labda.

Jambo ni jina fupi lisilobadilika, mfano `Oda Tabora`. Lazima liandikwe vilevile kila mara, ukiandika leo "Oda Tabora" na kesho "Tabora oda" kwa faili hayo ni mambo mawili. Mimi nimeweka orodha ya kuchagua ili dogo asijitungie.

## Hatua ya 3: Badilisha maneno ya siku kuwa tarehe, hapohapo

Hakuna "kesho" wala "Jumatano" inayoingia kwenye faili. Neno la siku lina maana siku lilipotamkwa tu, kesho yake limeshageuka.

Na Kiswahili chetu kina mitego yake. "Mtondo" kwa wengine ni siku ya tatu kutoka leo, kwa vijana wengi ni neno la bibi tu, usitegemee mtu wa Tabora na wewe mnahesabu sawa. "Jumatano ijayo" ikisemwa Jumatatu, wengine wanaelewa keshokutwa, wengine ya wiki inayofuata. "Usiku wa Ijumaa" pale Ujiji mzee atakuambia ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama, wakati kijana wa stendi anaelewa Ijumaa yenyewe usiku.

Ila ulionichekesha zaidi ni "mwezi ukiisha". Kibirizi mvuvi akisema mwezi ukiisha nakulipa, anaongelea ule wa angani, giza likirudi ziwani ndo anapata hela. Mwenye duka wa Mwanga anasikia tarehe 30. Agosti ile ya 2024 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19, giza la kueleweka lilirudi siku kadhaa kabla ya mwisho wa mwezi wa kalenda. Watu wawili wamekubaliana vizuri tu na kila mmoja ana tarehe yake.

Kwa hiyo ukiwa bado kwenye simu, angalia kalenda ukutani, rudia kwa sauti: "Kwa hiyo dada ni Jumatano ya tarehe 28 mwezi wa nane, saa 12 asubuhi?" Siku ya wiki na namba, vyote viwili, kwa sababu mtu akikosea kimoja kile kingine kinamshtua. Na saa taja asubuhi au jioni, simu inaandika 06:00, sisi tunasema saa 12, na kuna saa 12 nyingine jua likizama.

Onyo: ukinakili meseji moja ya WhatsApp inakuja maneno matupu bila tarehe. Ukichagua mbili au zaidi kwa pamoja ndo zinakuja na tarehe, saa na jina. Na ikiwa imefowadiwa usiamini tarehe yake kabisa, muulize aliyeituma imeandikwa lini.

Utajua umefanikiwa: mpe mtu asiyejua biashara yako asome mstari mmoja baada ya wiki mbili, akuambie ni siku gani bila kukuuliza.

## Hatua ya 4: Weka fomula ya Hali

Kwenye J2 bandika hii, halafu ivute chini mistari kama 500:

```
=IF(B2="","",IF(H2<>"","IMEFUNGWA",IF(F2>TODAY(),"INAKUJA",IF(G2<TODAY(),"ULIZA","INATUMIKA"))))
```

Inavyosoma: kama imeshafungwa, basi imefungwa. Kama siku yake haijafika, inakuja. Kama Mpaka imeshapita, uliza. Vinginevyo inatumika leo.

Neno la muhimu hapo ni `ULIZA`. Wengi wanataka mpango ukipita siku yake uandike "imefanyika", na hilo ndo kosa kubwa kuliko yote. Tarehe 28 kupita haina maana gunia zimefika. Inaweza kuwa zimefika, basi limeharibikia njiani, au dada kaahirisha tena. Tarehe ikipita unachojua ni kwamba hujui, kwa hiyo faili likuambie uulize.

Na ukweli ambao hauna mwisho, kama bei ya gunia au namba ya simu ya mpokeaji? Kwenye Mpaka weka siku ambayo utataka kuhakikisha tena. Bei ya dagaa mimi naweka siku 7, nauli ya mzigo siku 30, namba ya simu miezi 6. Hizo ni za kwangu, wa asali au mawese atakuwa na zake. Ukisahau kujaza Mpaka fomula inaonyesha `ULIZA` yenyewe kwa sababu seli tupu inahesabika sifuri, na ndivyo ninavyotaka, bora inisumbue.

Kinachoharibika hapa: mstari umebaki `INAKUJA` wakati siku imeshapita. Sio fomula, ni tarehe yako imeingia kama maandishi. Rudi hatua ya 1, angalia imekaa kushoto au kulia.

## Hatua ya 5: Kufunga, sio kufuta

Mambo yakibadilika usiguse mstari wa zamani zaidi ya seli moja, ile ya Imefungwa. Halafu andika mstari mpya chini. Oda yangu ilitakiwa ikae hivi:

```
11 | Oda Tabora | gunia 6, basi la asubuhi | MPANGO | 2024-08-16 | 2024-08-21 | 2024-08-21 | 2024-08-19 | dada, meseji
14 | Oda Tabora | gunia 4, inafunga 11     | MPANGO | 2024-08-19 | 2024-08-28 | 2024-08-28 |            | dada, simu
```

Unaona namba 11 imefungwa siku ileile namba 14 iliposemwa. Dogo akifungua tarehe 20 anakuta 11 imeandikwa `IMEFUNGWA`, hata kama mkononi ana meseji yangu ya kufowadi.

Kwa nini usibadilishe tu 6 iwe 4, si rahisi? Ni rahisi mpaka siku mtu akikwambia "mimi nilisema sita, wewe ndo umepunguza". Ukishafuta, umebaki na neno lako dhidi ya lake. Pia ukibadilisha juu kwa juu unaweza kurekebisha gunia ukasahau tarehe, ukapata mstari nusu wa zamani nusu mpya, na huo ni mbaya kuliko wa zamani mzima kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuusema.

Mzigo ukifika, andika mstari mwingine wa `UKWELI`: gunia 4 zimepokelewa, na tarehe ya kupokelewa. Funga namba 14, na huo mstari mpya nao ufunge siku hiyohiyo, kwa sababu jambo limekwisha na hutaki likusumbue na `ULIZA` milele.

Wa kaunta buku: piga mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, maneno yasomeke bado, na pembeni tarehe. Usipake wino.

## Hatua ya 6: Ukurasa wa LEO

Ongeza ukurasa wa pili, uite `LEO`, kwenye A2 weka:

```
=SORT(FILTER(KUMBUKUMBU!A2:J, KUMBUKUMBU!B2:B<>"", KUMBUKUMBU!J2:J<>"IMEFUNGWA"), 2, TRUE)
```

Hii inaleta yaliyo hai tu, yamepangwa kwa Jambo. Tarehe zikionekana kama namba 45500 na kitu usiogope, chagua safu zile na uziweke mtindo wa tarehe. Huu ndo ukurasa pekee ambao dogo anaruhusiwa kusoma kabla ya kupakia. Sio WhatsApp, sio kunipigia nikiwa usingizini nikajibu kwa kichwa.

Ukiona Jambo moja limetokea mara mbili hapa, simama. Ama ni oda mbili kweli, ama umesahau kufunga ya zamani. Ukitaka likushtue lenyewe weka hii K2 ya `KUMBUKUMBU`, halafu ivute chini kama ile ya Hali:

```
=IF(AND(B2<>"",H2="",COUNTIFS(B:B,B2,H:H,"")>1),"MBILI","")
```

Mimi kila asubuhi naangalia vitu viwili tu, `ULIZA` na `MBILI`, haichukui hata dakika tano, napiga simu mbili tatu nafunga mistari.

## Hatua ya 7: Siku ya ubishi

Hii sio ya kila siku lakini ikifika utanishukuru. Ukurasa wa tatu, kwenye B1 andika tarehe unayoitaka, kwenye A3 weka:

```
=FILTER(KUMBUKUMBU!A2:I, KUMBUKUMBU!E2:E<>"", KUMBUKUMBU!E2:E<=B1, (KUMBUKUMBU!H2:H="")+(KUMBUKUMBU!H2:H>B1))
```

Inakujibu "siku ile tulikuwa tunajua nini". Ukiweka 2024-08-18 unaona gunia 6 tarehe 21. Ukiweka 2024-08-20 unaona gunia 4 tarehe 28, ile ya 6 imeondoka. Kwa hiyo aliyeandaa sita tarehe 18 angekuwa sahihi kabisa, na aliyepakia sita tarehe 21 hakuwa sahihi.

Ila inafanya kazi kama Imesemwa uliijaza kwa ukweli. Ukisikia kitu Jumatatu ukakiandika Alhamisi, weka ya Jumatatu, na kwenye Maelezo ongeza "nimeandika Alhamisi" na tarehe yake. Hilo faili haliwezi kukusaidia, na simu ya mdomo ambayo hukuiandika kabisa haipo popote. Ile ya tarehe 19 haikuwepo popote, ndo maana sasa hivi sikati simu mpaka nimeandika, dada anasikia nimenyamaza anacheka, "andika baba, andika, nakusubiri".